Hisa Zimepanda, Kapu Limeinama: Uuze za Shilingi Ngapi?

Mtu akiuliza "niuze hisa za shilingi ngapi ili kapu langu la uwekezaji lirudi sawa?", swali la kumrudishia ni moja: sawa ndani ya jumla ipi? Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba, kuzidisha na kutoa tu. Kinachowapoteza wengi ni namba wanazoziingiza kwenye hesabu hiyo. Bondi imeandikwa kwa bei ipi, fedha za SACCO zimo au hazimo, riba iliyolipwa wiki jana iko wapi. Kosea hapo, na kanuni itakupa jibu safi kabisa la swali ambalo hukuuliza.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Alipoanza aliweka shilingi 1,000,000 kwa mgao wa asilimia 50 bondi za serikali, 30 hisa za soko la Nairobi na 20 mfuko wa soko la fedha, ile MMF ya kwenye simu. Huo ndio mgao lengwa wake. Miaka imepita, soko la hisa limepanda kwa nguvu mwaka 2024 na 2025, naye MMF ameipunguza mara mbili tatu kulipa karo. Leo anakuta hivi:

| Sehemu | Lengo | Thamani leo | Uzito leo | Tofauti kwa shilingi |
|---|---|---|---|---|
| Bondi | 50% | 530,000 | 40.8% | pungufu 120,000 |
| Hisa | 30% | 546,000 | 42.0% | zaidi 156,000 |
| MMF | 20% | 224,000 | 17.2% | pungufu 36,000 |
| Jumla | 100% | 1,300,000 | 100% | 0 |

Safu ya mwisho ndiyo inayojibu swali. Zidisha lengo kwa jumla ya leo, kisha toa kilichopo. Hisa zilitakiwa ziwe 390,000, ziko 546,000, kwa hiyo za kuhama ni 156,000. Hiyo ni asilimia 12 ya kapu zima, na ndiyo namba moja inayoeleza kapu limepotoka kiasi gani: jumlisha ziada zote, gawanya kwa jumla. Usijumlishe ziada pamoja na upungufu, maana shilingi ileile utaihesabu mara mbili, inapotoka kwenye hisa na inapoingia kwenye bondi.

Kwenye karatasi ya Excel au Google Sheets, weka lengo safu ya B na thamani safu ya C, mstari wa 2 hadi wa 4, na fedha mpya unazotaka kuongeza kwenye H1 (andika 0 kama hakuna):

```
D2: =C2/SUM(C$2:C$4)
E2: =D2-B2
F2: =B2*(SUM(C$2:C$4)+$H$1)-C2
```

Nakili hadi mstari wa 4. F ikiwa chanya, nunua kiasi hicho; ikiwa hasi, kiasi hicho ndicho cha kuuza. Ukaguzi ni rahisi: safu ya E lazima ijumlike kuwa sifuri, na safu ya F ijumlike kuwa sawasawa na H1. Isipofanya hivyo, malengo yako hayafiki 100 au kuna mstari umeachwa nje ya jumla. Kosa la pili huwapata wanaoongeza sehemu ya nne chini ya karatasi bila kubadilisha `C$4`.

Sasa turudi kwenye zile namba za safu ya C, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Tuanze na bondi. Huyu mama ana bondi ya miaka 10 ya thamani ya maandishi 500,000, yaani kiasi atakachorudishiwa ikiiva, riba asilimia 14 kwa mwaka. Akifungua DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kuhifadhi bondi za serikali, anaona 500,000, naye atashawishika kuandika hiyo. Lakini bondi ina bei, na bei hiyo hupanda riba za soko zinaposhuka. Benki Kuu ilishusha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 13 katikati ya 2024 hadi chini ya 10 kufikia mwisho wa 2025, na waliokuwa wameshika bondi za riba ya zamani wakajikuta na mali ya bei zaidi ya 100 kwa kila 100. Katika mfano wetu nimeweka 106, ndipo ikapatikana 530,000. Angeandika 500,000, jumla ingekuwa 1,270,000, hisa zingeonekana kuwa asilimia 43, na karatasi ingemwambia auze hisa za 165,000. Amezidisha mauzo kwa 9,000 kwa sababu tu ya kuandika thamani ya maandishi.

Kuna hoja ya kweli upande wa pili: "bondi hii nitaishika hadi iive, bei ya soko yanihusu nini?" Inakuhusu kwa sababu hisa umeziandika kwa bei ya soko. Ukipima mstari mmoja kwa bei ya leo na mwingine kwa bei ya siku uliyonunua, asilimia zinazotoka hazina maana. Bei ya kutumia utaipata kwenye taarifa za soko la Nairobi za mauzo ya bondi, na kama bondi yako haijauzwa siku za karibuni, tumia ile ya bondi inayokaribia kuiva mwaka mmoja na yako, yenye riba inayofanana.

Halafu kuna riba iliyokwisha kukusanyika lakini haijalipwa. Bondi za serikali ya Kenya hulipa kila baada ya siku 182. Kwa bondi hii ni 35,000 kila awamu, na kodi ya zuio ya asilimia 10 ikitoka, 31,500 mkononi. Siku ya 91, nusu ya njia, tayari 15,750 ni zake ingawa hazijaingia benki. Akiziongeza kwenye mstari wa bondi, kiasi cha kuuza hisa kinashuka hadi karibu 151,300. Si tofauti kubwa, na kwa maoni yangu haifai kuihangaikia, mradi upime siku ileile ya mzunguko kila mara. Siku nzuri ni ile riba imekwisha kulipwa: iliyokusanyika ni sifuri, fedha ziko kwenye akaunti, na unazo za kusawazishia.

Lakini hapohapo kuna tundu linalovujisha. Riba ya bondi haibaki kwenye mstari wa bondi. Inaingia kwenye akaunti ya benki, na kwa mwenye duka akaunti hiyo mara nyingi ndiyo inayolipia saruji na mabati. Gawio la hisa nalo ni hivyohivyo. Riba ya MMF, kinyume chake, inabaki ndani na kujiongeza. Kwa hiyo hata bei zisipoguswa kabisa kwa mwaka mzima, kapu litainama lenyewe: MMF inakua kwa riba, bondi inabaki palepale na 63,000 zake za mwaka zimekwenda dukani. Mtu akiona mstari wa bondi unapungua uzito kila anapopima, na bei ya bondi haijashuka, asitafute sababu sokoni. Afuate riba ilikoingia.

Kwenye hisa jambo la kuangalia ni kama ile bei ya mwisho unayoisoma ni bei unayoweza kuuzia. Mama wetu ana hisa 12,000 za Safaricom kwa bei ya mfano ya 28, yaani 336,000. Hisa 2,000 za KCB kwa 60, yaani 120,000. Na hisa 6,000 za kampuni ndogo kwa 15, yaani 90,000. Safaricom na KCB huuzwa kwa wingi kila siku ya soko, kwa hiyo mauzo ya laki moja unusu hayatikisi chochote. Ile ndogo ni habari nyingine. Inaweza kukaa siku nzima ikiuzwa hisa mia mbili tu, na 15 unayoisoma inaweza kuwa ya juzi. Mpigie dalali wako wa hisa, au angalia kwenye programu yake wanunuzi wamepanga foleni kwa bei gani na wanataka hisa ngapi. Wakiwa wanatoa 13, thamani ya kuandika ni 78,000. Jumla inakuwa 1,288,000, lengo la hisa 386,400, na kiasi cha kuuza kinashuka hadi 147,600. Yaani shilingi 8,400 za "ziada" zilikuwa bei ya kwenye skrini tu.

Kuna pia kipindi kati ya siku ambayo daftari la wanahisa hufungwa na siku gawio linapolipwa. Bei ya hisa hushuka pindi haki ya gawio inapoondoka, na fedha huja wiki kadhaa baadaye, pengine miezi. Ukipima katikati, kapu litaonekana jepesi kuliko lilivyo. Ongeza gawio linalokuja, ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwenye mstari wa fedha taslimu au MMF, wala si kwenye hisa, kwa sababu litakapoingia litakuwa fedha.

Yote hayo, hata hivyo, ni elfu chache huku na kule. Linalopindua jibu lote ni SACCO.

Magharibi mwa Kenya na bonde la Nakuru, mtu mwenye bondi na hisa lakini hana SACCO ni nadra. Tuseme mama huyu ana akiba ya 400,000 kwenye SACCO yake. Akiihesabu pamoja na bondi, kwa hoja kwamba zote mbili humpa pato lisiloyumba, jumla inakuwa 1,700,000. Hisa sasa ni asilimia 32.1, pointi 2 tu juu ya lengo, na za kuhama ni 36,000. Bondi na SACCO kwa pamoja ni 930,000 dhidi ya lengo la 850,000, kwa hiyo ghafla upande wa bondi umezidi kwa 80,000! MMF ndiyo iliyokauka: lengo ni 340,000, iliyopo ni 224,000, pungufu 116,000. Dakika moja iliyopita karatasi ilimwambia anunue bondi za 120,000. Sasa inamwambia anazo nyingi mno.

Ni mtu yuleyule na mali ileile. Kilichobadilika ni jumla inayogawanya. Na ushauri wa pili una kasoro, kwa sababu akiba ya SACCO haitolewi kidogokidogo. Ni dhamana ya mkopo wako, pengine pia ya mkopo wa jirani uliyemdhamini, na njia ya kuichukua ni kujiondoa uanachama, kungoja, na kuondolewa kwanza kwenye mikopo yote uliyoidhamini. Ziada ya 80,000 iliyoko upande huo haiwezi kuuzwa kutoka SACCO. Ingebidi iuzwe bondi.

Msimamo wangu hapa ni kwamba kitu kisichoweza kuhama kisiingie kwenye jumla unayoisawazisha. Kifikirie mapema, unapoweka malengo. Mwenye 400,000 SACCO anaweza kuamua kwamba kapu lake linalohama linahimili hisa asilimia 35 badala ya 30, kwa kuwa nyuma yake kuna akiba iliyotulia. Hilo ni sawa. Kosa ni kuweka malengo bila SACCO kisha kupima nayo, au kinyume chake. Na kama ana mkopo wa SACCO wa 250,000, hizo 400,000 anazozifikiria ni 150,000.

Basi tuendelee na kapu la 1,300,000. Je, kupotoka huku kunatosha kumfanya asogeze kitu?

Kipimo kinachotumika sana ni cha namba mbili. Sogeza sehemu ikiwa imepotoka kwa pointi 5 kamili kutoka kwenye lengo, au kwa robo ya lengo lake lenyewe, lolote litakalotangulia. Ile robo imewekwa kwa ajili ya sehemu ndogo: mtu mwenye lengo la asilimia 8 kwenye dhahabu akingoja pointi 5, dhahabu itakuwa imefika 13 au 3 kabla hajashtuka. Kwa robo, anaitwa ikifika 10 au 6. Kwenye jedwali letu hisa zimepita kwa pointi 12 na bondi kwa pointi 9.2, kwa hiyo zote zimevuka mpaka. MMF imepungua kwa pointi 2.8, ambazo ni asilimia 14 ya lengo lake. Ingekuwa peke yake ningeiacha.

Mpaka wenyewe uwe mpana kiasi gani ni suala la gharama. Kwa mkazi wa Kenya, faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa kwenye soko la Nairobi haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji, kwa hiyo kinachokuumiza ni ada ya dalali na tozo za soko, ambazo kwa pamoja hukaribia asilimia 2 ya mauzo, pamoja na pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji. Kuuza 156,000 ni takriban 3,120 zimekwenda. Mtu anayesawazisha kila mwezi kwa pointi moja moja anamlipa dalali mshahara. Kumbuka pia kwamba baadhi ya madalali wana ada ya chini kwa kila agizo. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua au kuuza hata hisa 1 sokoni, lakini ada hiyo ya chini bado hula mauzo madogo.

Kabla ya kuuza, kuna njia ya kutumia fedha mpya. Swali lake ni: zingehitajika fedha mpya kiasi gani ili hisa zirudi asilimia 30 bila kuuza hata moja? Gawanya thamani ya sehemu iliyozidi kwa lengo lake, kisha toa jumla ya leo. 546,000 ukigawanya kwa 0.30 ni 1,820,000. Toa 1,300,000, inabaki 520,000. Duka likimwezesha kuweka 15,000 kwa mwezi, na riba ya bondi ya 63,000 kwa mwaka ikirudishwa kapuni badala ya kupotelea dukani, ana 20,250 kwa mwezi. Hiyo ni miezi 26, tena kwa sharti kwamba hisa zisimame palepale. Ni ndefu mno. Lakini akitaka tu kurudi ndani ya mpaka, yaani hisa asilimia 35, gawanya 546,000 kwa 0.35: 1,560,000, fedha mpya 260,000, miezi 13. Bado ni ndefu kwa mtu ambaye hisa zimeshapita lengo kwa pointi 12.

Kwa hiyo hapa ningefanya nusu kwa nusu. Uza hadi ukingo wa mpaka, kisha fedha mpya zifanye kilichobaki. Asilimia 35 ya 1,300,000 ni 455,000, kwa hiyo auze za 91,000 badala ya 156,000. Ada inashuka hadi takriban 1,820, na kutoka 35 kurudi 30 anahitaji fedha mpya karibu 217,000, ambazo ni miezi 11 hivi. Ada inapokuwa asilimia ya mauzo, kusimama ukingoni kuna mantiki, maana kila shilingi inayohama inalipiwa. Ada ingekuwa ya mkupuo mmoja, bila kujali ukubwa wa mauzo, ingefaa aende moja kwa moja hadi kwenye lengo, kwa kuwa amekwisha kulipa nauli.

Asiye na fedha mpya, mstaafu tuseme, hana njia hiyo. Yeye auze 156,000 zote. Na hapo ndipo ukubwa wa vipande vya bondi unapoingia. Bondi za kawaida zinauzwa kwa mafungu ya 50,000, na za miundombinu kiwango cha chini huwa 100,000. Karatasi inasema nunua za 120,000. Kwa bei ya 106, fungu moja ni 53,000, kwa hiyo mawili ni 106,000 na matatu ni 159,000. Hakuna 120,000. Ananunua mawili. Mauzo ya hisa 156,000, toa ada 3,120, zinabaki 152,880. Toa 106,000 za bondi, zinazobaki 46,880 zinaingia MMF. Matokeo: bondi 636,000, hisa 390,000, MMF 270,880. Uzito: 49.0, 30.1 na 20.9. Imetosha. Anayehangaika kuifanya 50.0 kamili hajui kwamba hisa zitamchezea pointi nzima kufikia Ijumaa. Akinunua bondi ambayo tayari iko sokoni, atalipa pia riba iliyokusanyika tangu malipo ya mwisho, kwa hiyo aache nafasi ya hiyo kwenye akaunti. Itamrudia siku ya malipo.

Kutoka hisa zipi? Hapa kanuni ya mwanzo inarudia kazi yake ndani ya mstari mmoja. Safaricom peke yake ni 336,000, zaidi ya asilimia 61 ya hisa zake zote na robo ya kapu zima. Auze hapo: 156,000 kwa bei ya 28 ni hisa 5,571. Ile kampuni ndogo aiache kwanza, hata kama moyo unatamani kuitoa, kwa sababu kuuza hisa 6,000 kwenye foleni ya wanunuzi wa mia mbili mia mbili kutashusha bei yake mwenyewe.

Kuna kosa la tarehe ambalo linauma. Fedha za hisa zilizouzwa hufika siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo, tena hufika kwa dalali kwanza, halafu ndipo zije benki. Mnada wa bondi kwa kawaida hufanyika Jumatano na malipo hutakiwa Jumatatu inayofuata. Ukiuza hisa Jumatano hiyohiyo, fedha zinafika kwa dalali Jumatatu yenyewe, na kufikia wakati zimehamia benki yako saa ya kulipa imepita. Benki Kuu inaweza kumzuia asiyelipa asishiriki minada ijayo. Uza wiki moja kabla. Kama fedha zitapita kwenye MMF, ongeza siku mbili tatu za kutoa. Siku hizi ombi lenyewe unalifanya kwenye simu kupitia DhowCSD, iliyoanza kazi 2023, na hakuna tena haja ya kupeleka fomu kwenye tawi la Benki Kuu pale Kisumu, lakini urahisi wa kubonyeza haujafanya fedha zisafiri haraka zaidi.

Kwa zile 15,000 za kila mwezi, ugawe vipi? Usizigawe 50, 30, 20. Hiyo inaziongezea hisa zilizokwisha kuzidi. Zigawe kwa kadiri ya upungufu:

```
G2: =MAX(0,F2)/SUMIF(F$2:F$4,">0")*$H$1
```

Weka 15,000 kwenye H1. Bondi zinapata 11,486, MMF 3,514, hisa sifuri. Lakini 11,486 haitoshi fungu la bondi, kwa hiyo itangoja miezi mitano ndani ya MMF hadi ifike 53,000. Iandike kwenye mstari wa bondi, "inayongoja". Usipofanya hivyo, mwezi wa tatu MMF itakuwa imefika asilimia 20 ya kapu, utaona iko sawa, dharura ya dukani itatokea na utatoa humo ukidhani ni akiba ya dharura, kumbe umetumia bondi ambayo hujainunua. Wanaotumia simu wanaweza kufungua akaunti ya pili ya MMF kwa ajili hiyo tu.

Mwisho, angalia tarehe za bondi kuiva. Mtu mwenye bondi moja kubwa, siku inapoiva, 500,000 zinahamia benki kwa mkupuo na kapu linapotoka kwa karibu pointi 40 asubuhi moja bila soko kuguswa. Baadhi ya bondi za miundombinu hurudisha mtaji kwa mafungu kabla ya mwaka wa mwisho, kwa hiyo soma ratiba ya malipo kwenye tangazo la bondi, usitegemee jina lake. Bondi iliyotolewa Februari 2024 kwa riba ya asilimia 18.4607 iliwafanya watu wengi wapya waingie DhowCSD kwa mara ya kwanza, na wengi wao kapu lao lote la bondi ni hiyo moja. Wao hawahitaji karatasi kuwaambia wamepotoka kiasi gani leo. Wanahitaji safu moja zaidi kando ya jedwali, yenye tarehe na kiasi kitakachorudi, na minada miwili mitatu iliyochaguliwa kabla ya tarehe hiyo, ili fedha zikifika ziwe na pa kwenda.